Askofu Akiisha Kuuawa, Nani Atalinda Vyumba Vyeusi?

Katika mchezo wa sataranji kuna kipande ambacho kila taifa limekipa jina lake. Waingereza hukiita askofu. Wafaransa, na Wabelgiji wasemao Kifaransa, hukiita mwendawazimu. Waholanzi na Wajerumani hukiita mkimbiaji. Waarabu walikiita al-fil, maana yake tembo, nao ndio waliokuwa karibu na asili, kwa sababu mchezo huu ulitoka Uhindi na Uajemi, na huko kipande hiki kilikuwa tembo wa vita. Sisi tutamwita askofu, na maaskofu wetu watuwie radhi, maana hapa chini tutamwona akiuawa.

Tembo wa zamani alikuwa mnyonge sana. Aliruka vyumba viwili kwa mshazari, basi, na katika vyumba 64 vya ubao aliweza kufika 8 tu maisha yake yote. Mwisho wa karne ya 15, huko Hispania na Italia, alipewa sheria mpya: aende kwa mshazari mbali awezavyo, mradi njia iko wazi. Tangu hapo amekuwa na nguvu, lakini nguvu yake ina mpaka. Aliyeanza katika chumba cheupe hatakanyaga cheusi hata siku moja, na wa vyumba vyeusi vilevile. Kila jeshi lina maaskofu wawili, nao ni kama walinzi wawili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, wasioweza kupokezana zamu.

Sasa tazama askari wadogo wanaotembea kwa miguu. Askari huenda mbele moja kwa moja, lakini hupiga kwa mshazari. Kwa hiyo askari aliyesimama katika chumba cheupe hulinda vyumba vyeupe tu. Mchezaji akiwapanga askari wake wote mbele ya mfalme katika vyumba vyeupe, ukuta unaonekana imara, kumbe una matundu: kila chumba cheusi katikati yao hakina askari wa kukilinda. Anayeziba matundu hayo ni askofu wa vyumba vyeusi. Adui akimbadilisha huyo kwa askofu wake, matundu yanabaki wazi, na kwa kuwa askari hawarudi nyuma, hayatazibwa tena.

Mfano ulio wazi kupita yote ninayoijua ulichezwa Tilburg, mji wa Uholanzi, mwaka 1991. Mwingereza Nigel Short alikuwa na jeshi jeupe, Mholanzi Jan Timman jeshi jeusi. Timman alijitetea kwa njia ya Alekhine, yaani alitoa farasi kwanza ili kuwavuta askari wa adui mbele. Katika hatua ya 4 alisogeza askari mpaka g6, akamweka askofu wake wa vyumba vyeusi g7, mbele ya mfalme. Katika hatua ya 13 alisogeza askari mwingine mpaka e6. Basi e6, f7 na g6, vyote vyumba vyeupe. Short naye alikuwa na askari katika e5, chumba cheusi, aliyemfungia askofu wa g7 njia yake, tena akilinda f6, yaani tundu lenyewe katikati ya ukuta.

Katika hatua ya 23 Short alimpeleka askofu wake h6, kana kwamba anasema: tubadilishane. Timman alijua maana yake, akamrudisha wake pembeni, h8. Lakini Short aliingiza ngome moja mpaka d8, na nyingine akaiweka nyuma yake d1. Timman alimtoa askofu wake pembeni, akamrudisha g7. Katika hatua ya 27 Short alimwua, na mfalme mweusi akamwua askofu wa Short.

Msomaji atauliza: je, Short naye hakupoteza askofu wake wa vyumba vyeusi? Alipoteza. Hesabu ni sawa, mmoja kwa mmoja. Lakini usihesabu waliokufa, tazama waliobaki. Timman alibaki na askofu wa vyumba vyeupe, asiyeweza kufika f6, wala g5, wala h6. Farasi wake wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Malkia wake alikuwa mbali, c6. Short alibaki na farasi katika f3, na farasi aliye katika chumba cheupe hupiga vyumba vyeusi tu: kutoka hapo alilinda e5, h4 na g5 bila kuondoka mahali pake.

Nisidanganye mtu: si kila mabadilishano ya namna hii huleta maangamizi. Kama Timman angalikuwa na farasi mmoja mzima karibu na mfalme wake, huyo angaliweza kulinda matundu. Na kama malkia wote wawili wangalikuwa wamekufa, matundu yangalibaki, lakini mfalme asingalikuwa katika hatari kubwa. Unyonge wa rangi moja huwa ugonjwa wa kuua pale adui anapokuwa na mtu mwenye nguvu wa kumweka ndani ya tundu, na wewe huna wa kumfukuza.

Hatua ya 29, malkia mweupe aliingia f6 na kumtishia mfalme, naye akakimbilia g8. Hakuna aliyeweza kumtoa malkia huyo. Tena alikaa mbele ya askari wa f7, hata huyo hakuweza kusogea. Short akasogeza askari wa h4, akitaka kumfikisha h6 ili malkia aue katika g7. Timman alizuia kwa kuweka askari wake h5. Tazama tena: chumba cheupe! Askari huyo alipokuwa bado h7 angaliweza kwenda h6 na kukilinda chumba cha g5. Sasa g5 nacho kilibaki bila mlinzi.

Lakini Short alikosa mtu mmoja wa kumsaidia malkia. Farasi hakuweza kuondoka f3, kwa sababu malkia na askofu wa Timman walikuwa wamejipanga kwa mshazari, wakingoja njia ifunguke wapige g2 na kumaliza mchezo. Ngome mbili, d7 na d4, zilikuwa kazini. Nani alikuwa hana kazi? Mfalme mwenyewe. Katika hatua ya 31 alitoka mpaka h2, kisha g3, kisha f4, na hatua ya 34 akafika g5, katikati ya jeshi la adui, malkia wote wawili wakiwa bado ubaoni. Vyumba vyote vinne ni vyeusi. Timman alikuwa akisogeza ngome kutoka e8 mpaka c8 na kuirudisha, na mwishoni askofu mpaka c8. Hakuna kipande chake hata kimoja kilichoweza kumzuia mgeni njiani.

Hapo Timman akakubali kushindwa. Kama askofu wake angaliua ngome ya d7, mfalme mweupe angaliingia h6, na malkia angaliua katika g7. Kama mfalme mweusi angalikwenda h7 kufunga njia, malkia angalikula askari wa g6, na askari wa f7 asingaliweza kumpiga, kwa maana angalimwacha mfalme wake wazi mbele ya ngome ya d7. Mfalme angalikimbilia h8, malkia angalimtishia toka h6, naye angalirudi g8. Ndipo mfalme mweupe angalisogea f6, chumba cheusi tena, na kifo kingalikuja katika g7, mahali palepale alipouawa askofu.