Breka Haina Nguvu, Ina Mkondo

Katika rasimu ya mwongozo wa wanagenzi wa umeme niliyokuwa naitafsiri, chini ya mchoro wa nyaya niliandika: "Nguvu ya breka: C20." Fundi aliyekuwa akinisahihishia akapiga mstari chini ya neno "nguvu". "Ndugu yangu," akasema, "hili neno litachoma nyumba ya mtu."

Alikuwa sahihi. Anayesoma "nguvu" huelewa kwamba kubwa ni bora. Tuseme kwenye soketi za jiko na chumba zilizofungwa kwa breka moja kuna hita ya wati 3000, birika la wati 2000 na pasi ya wati 2000. Jumla ni wati 7000. Ukigawa kwa volti 230 unapata ampea 30 hivi. Breka ya 20 itajikata kabla saa moja haijaisha, maana breka hizi hutengenezwa ili mkondo ukizidi namba yake kwa asilimia 45, yaani ampea 29 kwa hii ya 20, zisivumilie zaidi ya saa moja. Mwenye nyumba analalamika, mwanagenzi anakimbilia dukani kutafuta breka "yenye nguvu", anarudi na ya 32. Umeme haukatiki tena. Lakini ukutani waya ni uleule wa milimita mraba 2.5, ambao ndani ya bomba huhesabiwa kubeba ampea 20 hadi 24 hivi. Sasa unabeba 30, na hakuna wa kuuzuia.

Kwa hiyo namba ile haielezi ubora wa breka. Ni mkondo ambao breka inaweza kuubeba mchana na usiku bila kujikata, na inachaguliwa isizidi uwezo wa waya. Nikafuta "nguvu" nikaandika "mkondo wa kudumu". Herufi C nayo ni habari nyingine: breka ya C hujikata papo hapo mkondo unapofika kati ya mara 5 na mara 10 ya namba yake. Na ile 6000 iliyo ndani ya kisanduku kidogo usoni mwa breka ni "uwezo wa kukata": ampea nyingi kabisa ambazo breka inaweza kuzikata kwa usalama nyaya zinapogusana.

Waya uliozidiwa huumia kwanza kwenye ganda lake. Kwenye kitabu ganda hilo ni "kihami", na nimeyaacha maneno yote mawili: ganda ni kile unachokiona na kukichuna kwa koleo, kihami ni kazi yake ya kuuzuia umeme usitoke. Plastiki ya kawaida ya nyaya za nyumbani imekusudiwa joto la nyuzi 70. Likizidi kwa muda mrefu, ganda linakakamaa na kupasuka. Bado lipo, lakini halihami tena. Jicho halioni hilo mapema, ndiyo maana fundi huzima umeme, huchomoa vifaa, kisha hupima kwa mega ya volti 500. Usomaji ukiwa chini ya megaomu 1, saketi haiwashwi.

Neno lililonisumbua zaidi ni ethi. Nilikuwa nimeandika "waya wa ardhini", na mwanagenzi mmoja akaelewa kebo iliyofukiwa mtaroni. Nikarudi kwenye neno la mafundi wenyewe: ethi. Kwenye mchoro ni mistari mitatu inayopungua kuelekea chini, na herufi PE. Nyutro ni N, na hizo mbili hazibadilishani nafasi.

Hapa ndipo breka inapofika mwisho wa uwezo wake. Ganda likipasuka ndani ya hita, laivu ikagusa bati lake, na njia nzima ya kurudi kupitia waya wa ethi ikawa na ukinzani wa omu 1, utapita mkondo wa ampea 230. Hiyo ni zaidi ya mara 10 ya 20, breka inajikata papo hapo. Lakini kama ethi ni fimbo tu iliyochomekwa kwenye udongo mkavu, na njia ina omu 100, zitapita ampea 2.3. Kwa breka ya 20 hilo ni kama balbu chache zimewashwa. Haijikati, na bati la hita linabaki na umeme likimsubiri atakayeligusa. Pale panatakiwa kifaa kingine, kinga ya mvujo ya miliampea 30, ambayo hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi.

Mstari wangu sasa unasema: "Breka: mkondo wa kudumu ampea 20, aina C, uwezo wa kukata ampea 6000, kwa waya wa milimita mraba 2.5." Umerefuka. Ila mwanagenzi aliyeusoma juzi, alipoambiwa breka inajikata ovyo, hakuulizia ya 32. Aliuliza, "Ukutani kuna waya gani?"