Kuhara Damu kwa Mtu Mzima: Amiba Alionekana, Bakteria Akaua

Leo tunazungumzia ugonjwa ambao wengi wetu tunauita kwa jina moja, kumbe ni magonjwa mawili. Mtu mzima anasokotwa na tumbo, anakimbilia choo mara nyingi kwa siku, anakamua kwa uchungu, na kinachotoka ni kidogo tu, kamasi iliyochanganyika na damu. Jirani akisikia husema, "Hiyo ni amiba, mnunulie dawa ya amiba." Pengine jirani amesema kweli. Lakini mara nyingi zaidi kinachotoa damu ya ghafla namna hiyo ni bakteria, na dawa ya amiba haimgusi bakteria huyo. Kuna nchi iliyojifunza jambo hili kwa gharama kubwa, nayo ni Guatemala, huko Amerika ya Kati.

Mwaka 1969 watu wa Guatemala walianza kuhara damu kwa wingi, watoto kwa wakubwa. Madaktari walipima choo kwa hadubini, wakaona amiba, na wakawapa wagonjwa dawa za amiba. Wagonjwa waliendelea kufa. Baadaye watafiti walipootesha choo kwenye maabara, waliona kwamba muuaji alikuwa bakteria aitwaye Shigela, tena wa aina kali kuliko zote. Bakteria huyo alikuwa amekwisha kuwa sugu kwa dawa kadhaa zilizotumika sana siku hizo, zikiwemo salfa na tetrasaiklini. Katika miezi kama kumi ya mwaka huo waliougua walizidi 100,000, na waliokufa walizidi 8,000.

Utauliza, je, madaktari wale walidanganywa na macho yao? Kwa kiasi, ndiyo. Ili tuelewe, turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1875, katika mji wa Sent Petasbagi nchini Urusi, daktari Fedor Lösch alichapisha habari za mkulima aliyemtibu, aliyekuwa akihara damu kwa muda mrefu. Alipoweka choo chake chini ya hadubini aliona vijidudu vingi vinavyotambaa, na ndani yao mlikuwa na chembe za damu. Mgonjwa huyo hatimaye alifariki. Lösch alikuwa mwangalifu: alidhani amiba wale waliuendeleza ugonjwa tu, na kwamba ulianzishwa na kitu kingine. Miaka 22 baadaye, mwaka 1897, Japani ilipata mlipuko wa kuhara damu wa watu zaidi ya 90,000, na zaidi ya mtu mmoja katika kila watano alikufa. Hapo daktari kijana, Kiyoshi Shiga, alimpata bakteria kwenye choo cha wagonjwa. Jina la Shigela limetoka kwake. Kwa hiyo tangu mwaka huo ilijulikana kwamba kuhara damu kuna vyanzo viwili, na bado miaka zaidi ya 70 baadaye Guatemala ilikosea.

Sababu ni hii. Amiba anaweza kukaa tumboni mwa mtu bila kumdhuru. Mwaka 1913 watafiti wawili, Walker na Sellards, walichapisha majaribio waliyofanya kwa wafungwa mjini Manila, Ufilipino, kwa kuwalisha mayai ya amiba. (Jaribio la namna hiyo lisingeruhusiwa leo, na ni vizuri lisiruhusiwe.) Watu 18 walipata amiba tumboni, lakini ni 4 tu walioharisha damu. Baadaye sayansi iligundua jambo lingine: kuna amiba wa aina mbili wanaofanana kabisa, mmoja anayekula utumbo na mwingine asiye na madhara. Mfaransa Brumpt alilisema hilo mwaka 1925, wengi wakampuuza, na halikukubaliwa rasmi mpaka mwaka 1993. Mayai yao yakiwa chini ya hadubini, hata fundi hodari wa maabara hawezi kuyatenganisha. Na tena, kuhara kwa bakteria huleta chembe nyeupe nyingi za damu kwenye choo, na baadhi ya chembe hizo huwa kubwa kiasi kwamba mtu mwenye haraka anaweza kuzidhania amiba.

Sasa tulete mambo haya nyumbani kwako. Tuseme baba watoto, mwenye miaka 38, amerudi kazini Jumatatu akiwa mzima. Usiku anashikwa na homa na msokoto wa tumbo, na kufikia Jumanne asubuhi amekwenda choo mara tisa, na mara tatu za mwisho ameona damu. Anapelekwa kwenye maabara ndogo sokoni, anapewa karatasi iliyoandikwa kwamba mayai ya amiba yameonekana, na duka la dawa linamuuzia metronidazoli, ile ambayo wengi tunaiita flajili. Alhamisi bado ana homa na bado anahara damu.

Tazama karatasi ile tena. Imetaja mayai. Mayai yanasema tu kwamba huenda amiba anaishi tumboni humo, wa aina mbaya au wa aina isiyodhuru. Haisemi kwamba ndiye anayetoa damu leo. Kinachoelekeza kwenye amiba mla utumbo ni kile alichokiona Lösch: amiba hai anayetembea, mwenye chembe nyekundu za damu ndani yake. Kama karatasi haikutaja hivyo, una haki ya kumwuliza mhudumu wa afya, "Je, mliona amiba anayetembea, mwenye damu ndani, au ni mayai tu?" Swali hilo si utovu wa adabu. Ndilo swali lililokosekana Guatemala.

Mwendo wa ugonjwa wenyewe pia husaidia. Shigela huja kwa ghafla, huleta homa, na mgonjwa hulala kitandani siku ya kwanza au ya pili. Amiba mara nyingi huja polepole, wiki moja hadi kadhaa, tumbo likiuma na choo kikibadilika kidogo kidogo, mara nyingi bila homa kali, na mtu huyo bado anakwenda kazini. Hata hivyo usitoe hukumu kwa dalili peke yake, maana magonjwa haya hayafuati kitabu. Baba wa mfano wetu, kwa homa yake na kasi ya ugonjwa, anaelekea zaidi kwenye bakteria. Ndiyo maana ushauri wa Shirika la Afya Duniani umekuwa kwamba anayehara damu atibiwe kwanza kama mgonjwa wa Shigela, kwa dawa ambayo bakteria wa eneo lake bado wanaisikia, na aangaliwe baada ya siku mbili. Dawa ikifaa, kufikia hapo homa hupungua, damu hupungua, na hamu ya kula huanza kurudi. Isipofaa, dawa hubadilishwa. Kuchagua dawa hiyo si kazi ya duka, kwa sababu Shigela anazidi kuwa sugu hata kwa dawa mpya.

Je, kila mtu mzima anayehara lazima apimwe choo? Hapana. Kuhara maji kwa siku moja au mbili bila damu kwa kawaida hakuhitaji maabara, kunahitaji maji na dawa ya pakiti ya kurudisha maji mwilini. Damu ndiyo inayobadilisha mambo. Mwenye damu kwenye choo aonwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na kipimo kinahitajika hasa akiwa na homa kali, akiwa hajapata nafuu baada ya siku mbili za dawa, au damu ikiwa imezidi wiki. Mama mjamzito, mzee na mwenye virusi vya ukimwi wasisubiri. Vilevile anayepika hotelini au shuleni, na nyumba ambayo watu wawili au watatu wameanza pamoja. Hao wanahitaji choo kioteshwe, yaani kalcha, na si hadubini tu. Kalcha huchukua siku mbili au tatu, lakini hutaja bakteria na dawa inayomuua. Kama matibabu hayawezi kungoja, choo kitolewe kwanza, kisha dawa ianzwe.

Namna ya kupeleka choo ina uzito wake. Amiba anayetembea hufa haraka nje ya mwili, kwa hiyo choo cha damu kinapaswa kufika kwenye hadubini ndani ya nusu saa hivi. Kikiachwa tangu asubuhi mpaka saa nane mchana, fundi hataona kitu, na utaambiwa mgonjwa hana amiba. Shigela naye ni dhaifu, asipooteshwa mapema hapatikani. Ni heri mgonjwa atoe choo pale pale kituoni. Tumia kopo safi na kavu, lisilo na sabuni wala dawa ya kuua viini, kisichanganyike na mkojo, na uchote ile sehemu yenye kamasi na damu. Tena kipimo kimoja kisichoonyesha kitu hakimalizi shauri la amiba. Huenda ukaombwa kuleta choo cha siku tatu tofauti.

Usije ukadhani amiba hana meno. Mwaka 1933 mji wa Chikago, Marekani, ulikuwa na maonyesho makubwa. Katika hoteli mbili mabomba yalikuwa mabovu, na maji ya choo yakaingia kwenye maji ya kunywa. Kwa kuwa amiba hukawia, wageni waliugua baada ya kurudi makwao, mbele ya madaktari wasiomfikiria amiba. Wengine walipasuliwa kwa kudhaniwa kuwa na kidole tumbo. Watu 98 walikufa. Hata leo, mtu mwenye damu ya wiki nyingi asianzishiwe dawa za kutuliza uvimbe wa utumbo kabla amiba hajatafutwa, kwa maana dawa hizo zikimkuta amiba, utumbo unaweza kutoboka.

Ukiwa nyumbani, usimpe mgonjwa wa damu dawa za kufunga tumbo. Zinawafungia wadudu ndani. Mpe maji ya pakiti baada ya kila choo na chakula anachoweza kula. Kimbia naye hospitali tumbo likivimba na kuwa gumu, damu ikitoka nyingi, akichanganyikiwa, au akikaa nusu siku bila kukojoa.

Na ikithibitika ni amiba, metronidazoli peke yake haitoshi. Huua amiba walioingia kwenye nyama ya utumbo, lakini huacha mayai, hivyo daktari hufuatisha dawa ya pili ya kusafisha utumbo. Wengi huacha hapo katikati kwa sababu damu imekoma. Miezi michache baadaye mgonjwa huyo akipata homa na maumivu chini ya mbavu za kulia, mweleze daktari kwamba aliwahi kuhara damu. Amiba huhamia kwenye ini na kufanya jipu, na wakati huo choo chake kinaweza kupimwa kikaonekana safi kabisa. Hapo kinachotafutwa ni picha ya ini na kipimo cha damu.