Duara Zinazokaribia Kufunikana

Mwaka 1702 Gottfried Leibniz aliandika kwamba usemi x⁴ + a⁴ hauwezi kugawanywa katika visababu vya digrii ya pili vyenye namba halisi peke yake. Kilichomkwaza ni kipeuo cha pili cha kipeuo cha pili cha −1, kitu alichokiona kuwa nje ya kila namba iliyokuwa ikijulikana. Alikosea. Ukizidisha (x² + √2x + 1) kwa (x² − √2x + 1) unapata x⁴ + 1, wala hakuna ujanja wowote ndani yake. Lakini kosa la mtu wa kiwango chake linaonyesha ugumu wa swali lenyewe: je, kila polinomia ina mzizi? Na mizizi hiyo ikiwepo, yote inapatikana miongoni mwa namba changamano, yaani namba za umbo a + bi ambapo i² = −1, au kuna namba nyingine ngeni zaidi zinazotusubiri?

D'Alembert alijaribu kujibu mwaka 1746. Baada yake wakajaribu Euler na Lagrange. Mwaka 1799 kijana Carl Friedrich Gauss, katika tasnifu yake ya udaktari, aliwakosoa wote watatu kisha akaleta uthibitisho wake. Nao ulikuwa na pengo. Gauss alichukulia kwamba mchirizi wa aina fulani ukiingia ndani ya duara lazima utoke upande mwingine. Jambo hilo ni kweli, lakini kulithibitisha si kazi ndogo, na pengo lilizibwa na Alexander Ostrowski mwaka 1920.

Njia fupi kuliko zote ilitoka Paris, kwa mtu aliyekuwa akitafuta kitu kingine kabisa. Mwaka 1844 Joseph Liouville alikuwa akichunguza vitendakazi vinavyojirudia katika pande mbili za bapa la namba changamano, kama nakshi ya kanga inayojirudia kwa urefu na kwa upana. Kitendakazi cha namna hiyo kinajulikana chote mara tu ukijua thamani zake ndani ya kipande kimoja cha nakshi. Liouville aligundua kwamba kikiwa hakikimbilii ukubwa usio na kikomo mahali popote, basi hakibadiliki kabisa: ni namba moja tu kila mahali. Augustin-Louis Cauchy alipolisikia hilo Akademia ya Sayansi, hakuchelewa kuonyesha kwamba kujirudia hakuhitajiki. Inatosha kitendakazi kiwe analitiki kila mahali na ukubwa wake usivuke mpaka fulani. Ajabu ni kwamba nadharia hiyo pana, ambayo Cauchy aliichapisha mwaka uleule, leo inaitwa nadharia ya Liouville. Liouville aliifundisha mwaka 1847 kwa Wajerumani wawili waliokuja Paris, Borchardt na Joachimsthal. Borchardt alichapisha maandishi ya masomo hayo zaidi ya miaka 30 baadaye, na jina likashika.

Kwa nini basi nadharia hii ni kweli? Tuanze na maana ya analitiki. Kitendakazi ni analitiki katika nukta fulani ikiwa, karibu na nukta hiyo, thamani zake zinaweza kuandikwa kama jumla ya namba thabiti na vipeo vya umbali w kutoka pale: c₀ + c₁w + c₂w² na kuendelea. Kikiwa analitiki kila mahali, jumla hiyo inafaa kwa duara lolote, liwe kubwa kiasi gani.

Sasa zunguka duara na utafute wastani wa thamani zote. Chukua w katika nukta nne zenye umbali r: r, ir, −r na −ir. Jumla yake ni sifuri. Zipandishe kwenye kipeo cha pili: r², −r², r², −r². Sifuri tena. Ukichukua nukta zote za duara, kila kipeo cha w kinajifuta kwa namna hiyohiyo, na kinachobaki ni c₀ peke yake, ambayo ndiyo thamani ya katikati. Kwa hiyo thamani ya kitendakazi katika nukta yoyote ni wastani wa thamani zake katika duara linaloizunguka, na vilevile ni wastani wa eneo lote lililo ndani ya duara hilo.

Edward Nelson, katika makala ya mwaka 1961 isiyozidi aya moja, alionyesha kwamba wazo hilo la wastani linatosha. Chukua nukta mbili, A na B, zenye umbali d kati yake. Chora duara lenye nusu kipenyo R kuzunguka A, na jingine sawa nalo kuzunguka B. R ikiwa kubwa mno, duara hizo karibu zinafunikana. Sehemu zisizofunikana ni hilali mbili, kila moja ikiwa na eneo lisilozidi 2Rd, ilhali kila duara lina eneo πR². Wastani mbili zinaweza kutofautiana kwa sababu ya hilali hizo tu. Ikiwa ukubwa wa kitendakazi hauzidi M, tofauti kati ya thamani ya A na ya B haizidi 4Md gawanya kwa πR.

Tuweke namba. M iwe 10 na d iwe 1. R ikiwa 1,000, tofauti haizidi takriban 0.013. R ikiwa 1,000,000, haizidi takriban 0.000013. Lakini A na B hazijasogea. Tofauti yao ni ileile siku zote. Namba isiyobadilika ambayo ni ndogo kuliko kila kipimo unachoweza kutaja haiwezi kuwa nyingine ila sifuri. A na B zina thamani moja, na kwa kuwa tulizichagua ovyo, nukta zote zina thamani moja.

Msomaji anayekumbuka sekondari atapinga hapa: mbona sin x haivuki 1 na bado inapanda na kushuka? Ni kweli, katika mstari wa namba halisi. Toka nje ya mstari huo uende 10i, na ukubwa wa sin unazidi 11,000. Na 1/(1 + x²), iliyotulia kabisa kwenye mstari, inalipuka kwenye i. Mpaka lazima ushike kwenye bapa zima. Nusu ya bapa haitoshi.

Turudi kwa polinomia, tuchukue z⁴ + 1. Tuseme haina mzizi. Basi 1/(z⁴ + 1) haigawanyi kwa sifuri mahali popote, kwa hiyo ni analitiki kila mahali. Nje ya duara la nusu kipenyo 2, z⁴ ina ukubwa wa 16 au zaidi, hivyo z⁴ + 1 haipungui 15 na kinyume chake hakizidi 1/15. Ndani ya duara hilo, pamoja na ukingo wake, kitendakazi kisichokatika hakina pa kukimbilia. Nacho kina mpaka wake. Basi kina mpaka kila mahali, na ni lazima kiwe namba moja tu. Lakini kwenye 0 thamani yake ni 1, na kwenye 2 ni 1/17. Haiwezekani, kwa hiyo mzizi upo. Mmojawapo ni (1 + i)/√2, ambao kipeo chake cha pili ni i: namba ileile iliyomshinda Leibniz, nayo ni namba changamano ya kawaida.

Polinomia nyingine zinafuata njia hiyohiyo, kwa sababu mbali na sifuri kipeo kikubwa kuliko vyote humeza vingine. Ukishapata mzizi mmoja, unagawanya, digrii inapungua kwa moja, unaanza tena, hadi digrii n ikupe mizizi n, ukihesabu na ile inayojirudia.

Uthibitisho huu, hata hivyo, hausemi mzizi uko wapi, wala hautoi fomula ya kuufikia. Niels Henrik Abel alikwisha kuthibitisha mwaka 1824 kwamba kwa digrii ya tano fomula ya jumla ya vipeuo haipo. Chukua z⁵ − 4z + 2, ambayo mizizi yake haiandikiki kwa vipeuo hata kidogo. Hata hivyo mizizi mitano ipo, mitatu halisi na miwili changamano, yote ikiwa ndani ya duara la nusu kipenyo 2, kwa sababu kwenye ukingo wa duara hilo na nje yake ukubwa wa polinomia haushuki chini ya 22.