Saini ya haipabola na kinyume chake

Neno saini linatupa kazi hata kabla hatujafika kwenye haipabola, kwa kuwa mtu wa ofisini akilisikia huwaza kalamu na mkataba. Hapa ni saini ya hisabati, ile ya pembe. Nimeiacha kama ilivyo, maana sentensi yenyewe humwonyesha msomaji ni saini ipi. Tatizo kubwa liko kwenye nusu ya pili ya jina, na hasa kwenye jina la kinyume chake.

Saini na kosaini za kawaida zinatokana na duara. Chora duara lenye nusu kipenyo cha 1, zungusha mstari kutoka kitovuni kwa pembe t, na nukta unayoifikia itakuwa (cos t, sin t). Ukiliweka kando duara na kuchukua mkunjo x² − y² = 1, ambao ndio haipabola, unapata jozi nyingine yenye tabia zinazofanana sana. Vincenzo Riccati wa Italia aliandika juu ya jozi hiyo mwaka 1757, na mwanahisabati Lambert akaieneza katika miaka ya 1760. Hapa hatuhitaji pembe. Namba e, ambayo ni takriban 2.718, inatosha:

cosh x = (eˣ + e⁻ˣ)/2
sinh x = (eˣ − e⁻ˣ)/2

Kwa maneno mengine, chukua eˣ na e⁻ˣ. Nusu ya jumla yao ni kosaini ya haipabola, na nusu ya tofauti yao ni saini ya haipabola. Ukitoa mraba wa saini kwenye mraba wa kosaini, daima unabaki na 1, yaani nukta (cosh x, sinh x) haitoki kwenye haipabola.

Sasa tugeuze swali. Tumeambiwa sinh x = 3/4, nasi tunaitaka x. Tuite eˣ kwa herufi u, hivyo e⁻ˣ ni 1/u. Basi u − 1/u = 3/2, na tukizidisha pande zote kwa 2u tunapata 2u² − 3u − 2 = 0. Huu ni mlinganyo wa kwadratiki wa kawaida kabisa, na majibu yake ni u = 2 na u = −1/2. Jibu la pili tunalitupa, kwa sababu e haipewi kipeo halisi ikatoa namba hasi. Limebaki eˣ = 2, kwa hiyo x = ln 2, takriban 0.6931. Logarithimu haikuletwa kwa nguvu: kitu kilichojengwa kwa vipeo vya e hufunguliwa kwa logarithimu asilia. Ukiweka y badala ya 3/4 na kufuata njia hiyohiyo, unapata x = ln(y + √(y² + 1)).

Kosaini ina ukaidi wake. Kwa cosh x = 5/4 mlinganyo unakuwa 2u² − 5u + 2 = 0, na majibu ni 2 na 1/2. Yote mawili ni chanya, hatuna cha kutupa, na x inaweza kuwa ln 2 au −ln 2. Wanahisabati wamekubaliana kuchukua lile lisilo hasi, yaani ln(y + √(y² − 1)), na y isipungue 1.

Kwenye kikokotoo kinyume cha sinh huandikwa sinh⁻¹, na hiyo −1 imewaponza wengi: wanaisoma kama moja kugawanya kwa sinh. Jipime kwa 0.75. Kinyume hutoa 0.6931, ilhali kugawanya hutoa takriban 1.216. Kompyuta nazo zina mtego wao. Ukiandika fomula ya logarithimu kama ilivyo na kuipa y = −100,000,000 kwa usahihi wa kawaida wa tarakimu kama 16, ile 1 ndani ya kipeuo humezwa, jumla inakuwa 0, na logarithimu ya 0 haipo. Jibu sahihi ni takriban −19.114. Dawa ni kukokotoa kwa y chanya, kisha kuweka alama ya kutoa.

Turudi kwenye jina. Wapo wanaoandika arcsinh, na anayeifasiri atashawishika kusema “tao la saini”. Kwenye duara tao linafaa, kwa sababu urefu wa tao ndio t yenyewe. Kwenye haipabola, ile x ya sinh x si urefu wa tao. Unganisha kitovu na nukta (1, 0), kisha na nukta yetu (5/4, 3/4): eneo lililofungwa kati ya mistari hiyo na mkunjo ni nusu ya ln 2, takriban 0.347. Kinachopimwa ni eneo, ndiyo maana kifupisho cha kimataifa ni arsinh, bila c. Kwa Kiswahili naandika “kinyume cha saini ya haipabola”. Ni refu, lakini halimdanganyi mwanafunzi.