Bei ya Idi: kuandika afishi isiyopitwa na mwezi

Ramazani ina siku 29 au 30, kufuatana na kuandama kwa mwezi. Mwaka 2025, Saudi Arabia ilisali Idi tarehe 30 Machi, Tanzania tarehe 31. Mwenye duka hapa Beni akiwa ameandika «Bei ya Idi, mwisho tarehe 30», na mwezi ukachelewa, bei inafungwa kabla ya sikukuu. Wateja watagombana naye, ao atachapisha afishi upya.

Afazali aandike: «Tarehe 20 Machi mpaka Idi jioni, kufuatana na tangazo la COMICO. Haitapita tarehe 31.» Mteja anajua nani anatangaza, na muuzaji ana mpaka. Mesaji ya simu nayo iseme «siku ya Idi», si «jumapili».