Jedwali la vipimo linavyoweza kupunguza nguo zinazorudishwa na wateja

NGUO inaporudishwa kwa kumbana mteja, anayeumia zaidi ni muuzaji mdogo wa mtandaoni. Tuseme anauza magauni akiwa Nairobi na hupata faida ya Sh500 kwa kila moja. Akilipa Sh300 kutuma kifurushi Kisumu kwa basi, na Sh300 nyingine kukirejesha, gauni hilo moja huwa limemeza faida ya gauni jingine alilouza vizuri.

Mara nyingi chanzo cha hasara hiyo ni lebo. Herufi M, L na XL hazina kipimo kimoja kinachofuatwa na washonaji wote. Namba nazo hutofautiana kulingana na nchi: gauni la namba 12 nchini Uingereza kwa kawaida hulingana na namba 8 ya Marekani, 38 ya Ujerumani na 44 ya Italia.

Mteja akiandika kwamba anavaa "38", huenda anamaanisha namba ya Kijerumani, ambayo ni kifua cha takriban sentimita 88. Huenda pia anamaanisha inchi 38 alizopimwa na fundi wake, ambazo ni karibu sentimita 97. Tofauti hiyo ya sentimita tisa inatosha kuifanya zipu ikatae kufunga.

Kwa sababu hiyo, jedwali la kutegemewa halinakiliwi kutoka kwa muuzaji mwingine wala kwa kiwanda. Hutokana na kupima nguo zenyewe zilizo dukani.

Jinsi ya kupima

Nguo hutandazwa juu ya meza, zipu na vifungo vikiwa vimefungwa, kisha hunyooshwa kwa kiganja bila kuvutwa. Utepe wa fundi cherehani hupitishwa kutoka kwapa moja hadi jingine, chini kidogo ya mshono wa mkono, na jibu huzidishwa kwa mbili ili kupata mzunguko wa kifua. Kiuno hupimwa pale nguo inapokuwa nyembamba zaidi, na nyonga pale inapokuwa pana zaidi, navyo huzidishwa kwa mbili. Urefu huanzia sehemu ya juu kabisa ya bega, karibu na shingo, hadi kwenye pindo.

Ni vyema kupima nguo tatu za kila saizi badala ya moja. Vitambaa hukatwa vikiwa vimepangwa tabaka juu ya tabaka, na mkasi unaweza kuhama kidogo. Zikitofautiana kwa sentimita moja au mbili, hilo ni jambo la kawaida na lafaa kutajwa chini ya jedwali. Ikiwa moja imepungua kwa sentimita nne, haifai kuuzwa kwa saizi iliyo kwenye lebo yake.

Kosa linalofuata ndilo hurudisha nguo nyingi: kuandika kipimo cha nguo kana kwamba ni kipimo cha mwili. Nguo yenye kifua cha sentimita 96 haimtoshi mtu mwenye kifua cha sentimita 96, isipokuwa imetengenezwa kwa kitambaa kinachovutika. Kitambaa kisichovutika, kama vile kitenge, huhitaji nafasi ya ziada ili mvaaji aweze kupumua, kuinua mikono na kuketi. Kwa gauni la kawaida, nafasi ya sentimita nane kifuani na kwenye nyonga, na sita kiunoni, hutosha.

Mfano wa gauni la kitenge

Chukua mfano wa gauni la kitenge linaloshonwa kwa saizi tatu. Baada ya kutandazwa, vifua vyake vinapatikana kuwa sentimita 48, 51 na 54. Vikizidishwa kwa mbili huwa 96, 102 na 108. Muuzaji akitoa nane za nafasi, M inamfaa mwenye kifua kisichozidi 88, L kisichozidi 94, na XL kisichozidi 100.

Kwa hesabu iyo hiyo, gauni ambalo nyonga zake ni 104, 110 na 116 litawafaa wenye nyonga zisizozidi 96, 102 na 108. Kiuno cha 80, 86 na 92, kikitolewa sita, huwa 74, 80 na 86. Hizi ndizo namba zinazostahili kuandikwa chini ya kichwa "Vipimo vya mwili wako". Vipimo vya nguo yenyewe vinaweza kufuata chini yake, vikiwa na kichwa chao.

Sasa aje mteja mwenye kifua cha 90, kiuno cha 78 na nyonga za 105. Kifua na kiuno vinamweka kwenye L, lakini nyonga zimepita 102. Akitumiwa L, gauni litamkaa vyema akiwa amesimama, ila litambana pindi anapoketi. Jedwali linafaa kueleza wazi kwamba mwenye vipimo vya saizi mbili achague iliyo kubwa. Fundi aweza kulipunguza gauni la XL kiunoni na ubavuni kwa muda mfupi, lakini hawezi kulipanua la L zaidi ya kitambaa kilichoachwa ndani ya mshono.

Aidha, kitenge cha pamba huweza kurudi kinapofuliwa mara ya kwanza. Kama fundi hakukiloweka kabla ya kukikata, inafaa nguo moja ifuliwe, ikauke, kisha ipimwe upya. Vipimo vya baada ya kufuliwa ndivyo viingizwe kwenye jedwali.

Namba hizo ziandikwe kwa sentimita na kwa inchi pia, kwa kuwa utepe wa fundi huwa na pande zote mbili na wateja wengi wamezoea inchi. Ziwekwe chini ya picha ya kila nguo kwa maandishi, kwani jedwali lililopigwa picha huwa vigumu kusomeka kwenye simu ndogo. Sentensi moja imweleze mteja ajipime juu ya nguo nyepesi, utepe ukiwa umelala sawa mwilini bila kukaza.

Kusoma malalamishi

Nguo zitakazoendelea kurudi ndizo zitakazoonyesha kasoro ya jedwali. Muuzaji ahifadhi daftari lenye saizi, sehemu iliyobana au kupwaya, na vipimo vya mteja. Neno "haikutosha" pekee halimsaidii. "Imebana kwenye nyonga" humsaidia.

Saizi zote zikilalamikiwa kwa kubana mahali pamoja, nafasi iliyotolewa ni ndogo na yafaa kuongezwa. Ikiwa ni saizi moja tu, yawezekana shehena hiyo ilikatwa vibaya na inahitaji kupimwa upya. Wengine wakilalamika kubana na wengine kupwaya kwa saizi ile ile, huenda wateja wanajipima vibaya, na kinachohitaji kurekebishwa ni maelezo.

Hata hivyo, jedwali halizuii nguo kurudishwa kwa sababu ya rangi au mtindo usiompendeza mteja. Vilevile haliwafai wauzaji wa mitumba, ambao kila nguo yao ni ya pekee na pengine imekwisha kurudi au kulegea. Hao hulazimika kupima kila nguo na kuandika vipimo vyake kando ya picha, kabla ya kutaja bei.