Seva Wakala: Jina Linapogeuzwa Kuwa Mahali

Mwanafunzi aliye maktabani anafungua makala ya JSTOR bila kuulizwa jina wala nywila, na faili lote linashuka. Jioni, akiwa kwenye chumba alichopanga mtaani, anafungua makala ileile na kukuta ukurasa wa kwanza tu, chini yake bei ya kuinunua. Wengi hudhani akaunti yao ina hitilafu. Lakini mchana ule hakukuwa na akaunti yoyote. Mchapishaji hakumtambua mwanafunzi. Alitambua mahali alipokuwa.

Mahali hapo hutambulika kwa anwani ya IP. Kila ombi linalofika kwenye seva ya mchapishaji huwa na anwani ya kulirudishia jibu, na katika toleo la nne la mfumo huu, ambalo bado linatumika sana, anwani ni namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Chuo kinapolipia majarida, maktaba humwandikia mchapishaji orodha ya anwani zake. Haziandikwi moja moja bali kwa mfululizo wenye mwanzo na mwisho, kwa mfano kutoka 203.0.113.0 hadi 203.0.113.63, yaani anwani 64. Mfululizo huo tuuite safu ya anwani. Wapo wanaosema masafa, lakini neno hilo tayari lina kazi mbili, umbali na mawimbi ya redio, na hapa halisemi linachotakiwa kusema. Ombi likitoka ndani ya safu, mlango unafunguka. Likitoka nje yake, inaoneshwa bei.

Katika kuandika orodha hiyo ndiko kosa la kwanza hutokea. Mkutubi anafungua mipangilio ya kompyuta yake, anaona 10.20.4.17 au 192.168.1.25, anaipeleka kwa mchapishaji, na hakuna kinachofunguka. Anwani zinazoanza na 10 au 192.168 ni za ndani. Maelfu ya taasisi duniani huzitumia zilezile, kila moja ndani ya ua wake, na hazitoki kwenye intaneti. Kwenye lango la mtandao wa chuo kipo kifaa kinachozibadilisha na kuweka anwani ya hadharani kabla ombi halijatoka, kwa hiyo kompyuta mia kadhaa zinaweza kuonekana kwa mchapishaji kama anwani moja. Anayohitaji mchapishaji ni hiyo ya hadharani. Ndiyo maana pia chuo kikibadilisha kampuni inayokiuzia intaneti, majarida yote yanaweza kufungwa usiku mmoja ingawa malipo yamekamilika: anwani za hadharani zimebadilika na hakuna aliyewaambia wachapishaji. Dalili yake ni kwamba wachapishaji wote wanafunga kwa pamoja, na jina la chuo, ambalo kwa kawaida huoneshwa juu ya ukurasa, limetoweka.

Kumtambua msomaji kwa mahali kuna udhaifu ulioonekana wazi mwaka 2010 katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, MIT. Chuo hicho kilikuwa na anwani zote zinazoanza na 18, zaidi ya milioni 16. Septemba mwaka huo Aaron Swartz, ambaye hakuwa mwanafunzi wala mfanyakazi wa hapo, aliunganisha kompyuta mpakato kwenye mtandao wa chuo kama mgeni, na programu aliyoiandaa ikaanza kupakua makala za JSTOR kwa wingi. Kwa JSTOR, ombi lililotoka kwenye anwani ya MIT lilikuwa ombi la MIT. Walipoifunga anwani ile, kompyuta ikapata nyingine. Wakafunga kundi zima la anwani za jirani, wakiwazuia na wasiohusika. Oktoba upakuaji uliporudi, JSTOR waliifungia MIT yote kwa siku kadhaa. Njia ndogo zaidi zilikuwa zimeshindwa, kwa sababu anwani haikuwaambia ni nani aliyekuwa akipakua.

Sasa turudi kwa mwanafunzi wa mtaani. Anwani ya simu yake ni ya kampuni ya simu, na mchapishaji hawezi kuiweka kwenye safu ya chuo, kwani kesho itakuwa ya mteja mwingine. Njia iliyoenea vyuoni ni kuweka ndani ya kampasi seva inayojulikana kwa mchapishaji, kisha mwanafunzi aipitie hiyo. Mafundi huiita proksi. Kwenye vivinjari vilivyotafsiriwa utakuta seva mbadala. Mimi naiita seva wakala, na nina sababu.

Kitu mbadala huchukua nafasi ya kingine: mkaa ukikosekana, gesi ni mbadala. Seva hii haichukui nafasi ya seva ya mchapishaji, wala makala hazihifadhiwi humo. Inakwenda kwa mchapishaji, inaomba kwa niaba yako, inakuletea jibu. Inafanana na wakala wa forodha pale bandarini Mombasa au Dar es Salaam: mzigo ni wako, lakini leseni ni yake, na getini anatambuliwa yeye.

Programu iliyozoeleka kwa kazi hii ni EZproxy, iliyoandikwa na mkutubi wa Marekani, Chris Zagar, na tangu 2008 inamilikiwa na shirika la maktaba la OCLC. Tuifuate ikifanya kazi. Tuseme seva wakala ya chuo inaitwa proksi.chuo.example na anwani yake ni 203.0.113.10, iliyomo katika safu tuliyoitaja. Kwenye tovuti ya maktaba, kiungo cha makala kimeandikwa hivi:

```
https://proksi.chuo.example/login?url=https://www.jstor.org/stable/1234567
```

Mwanafunzi akibofya, haendi JSTOR. Anafika kwenye seva ya chuo, nayo inamwomba jina na nywila na kuviulizia kwenye daftari la watumiaji la chuo: bado ni mwanafunzi wetu? Akikubaliwa, kivinjari chake kinapewa kuki, alama ndogo inayokumbusha kwamba mtu huyu ameshaingia. Kisha anaelekezwa hapa:

```
https://www-jstor-org.proksi.chuo.example/stable/1234567
```

Ukiisoma kutoka mwisho utaona kwamba ni anwani ya chuo. Jina la JSTOR limekuwa sehemu ya mbele tu, na nukta zake zimegeuzwa kuwa vistari. Vistari hivyo havikuwekwa kwa urembo. Cheti cha usalama cha seva hufunika majina yote yaliyo ngazi moja mbele ya proksi.chuo.example, lakini hakifuniki ngazi ya pili. Nukta za www.jstor.org zingebaki, zingeongeza ngazi, na kivinjari kingemwonya msomaji kwamba tovuti si salama.

Ombi linapofika, seva wakala inaligeuza kuwa ombi la kawaida kwa www.jstor.org na kulituma kutoka 203.0.113.10. JSTOR inaona anwani iliyomo kwenye safu na kufungua mlango. Ukurasa ukirudi, seva inaupitia na kuandika upya kila kiungo cha JSTOR kilichomo kiwe na mkia wa chuo, ili hatua inayofuata ipite palepale. Mwanafunzi ametoa jina, mchapishaji amepokea mahali. Huo ndio ubadilishaji unaofanyika, na jina lenyewe linabaki chuoni.

Seva haikubali kwenda kila mahali. Mkutubi huiandikia orodha ya tovuti inazoruhusiwa kuziwakilisha, kila moja kwa mistari michache:

```
Title JSTOR
URL https://www.jstor.org
HJ www.jstor.org
DJ jstor.org
```

Mstari wa kwanza ni jina, wa pili ni pa kuanzia, wa tatu unataja seva inayohusika, na wa nne unaingiza seva zote zenye jina linaloishia jstor.org. Bila mipaka hii, yeyote mwenye nywila ya chuo angeweza kutembea intaneti nzima akionekana kama chuo. Hapa ndipo seva wakala inapotofautiana na VPN, ambayo kwa kawaida huingiza mawasiliano ya kifaa kwenye mtandao wa chuo bila kuchagua tovuti.

Orodha hiyo pia ndiyo chanzo cha hitilafu nyingi. Mchapishaji akihamishia faili zake kwenye seva yenye jina jipya, na mistari haijasahihishwa, ukurasa wa makala utafunguka vizuri lakini kubofya PDF kutaleta bei. Angalia upau wa anwani: ukiona mkia wa chuo umedondoka, umetolewa nje ya uwakala katikati ya njia. Mkutubi akipewa anwani kamili iliyokuwa kwenye upau wakati huo, anajua mstari wa kuongeza. Ujumbe unaotaja config.txt na kusema jina la seva halijaidhinishwa maana yake ni kwamba tovuti yote haimo kwenye orodha. Na aliyepata makala kupitia Google akaoneshwa bei huenda hana hitilafu yoyote; kiungo cha Google kinakwenda moja kwa moja kwa mchapishaji. Aianzie makala hiyo kwenye tovuti ya maktaba, au aweke mwenyewe mbele ya anwani yake maneno yanayoishia login?url=.

Uwakala hauondoi udhaifu ulioonekana MIT; unaukusanya mahali pamoja. Kwa mchapishaji, wasomaji wote wa nje ya kampasi ni 203.0.113.10. Nywila moja ikiibwa na kutumiwa kupakua maelfu ya makala usiku, anwani hiyo hufungwa na wote wanabaki nje. Tofauti ni kwamba safari hii jina lipo. Mchapishaji hutaja saa na anwani, mkutubi hulinganisha na kumbukumbu za seva, hupata akaunti iliyohusika, huisimamisha na kuomba mlango ufunguliwe. Kumbukumbu hizo zinaonesha pia nani kasoma nini, kwa hiyo hazipaswi kuwekwa muda mrefu kuliko kazi hiyo inavyohitaji.

Ipo njia nyingine isiyohitaji anwani kabisa, inayotumia mifumo kama Shibboleth na OpenAthens. Mwanafunzi anafika kwa mchapishaji mwenyewe, anachagua chuo chake, anapelekwa kuingiza nywila chuoni, kisha anarudishwa akiwa na tamko lililotiwa saini ya kielektroniki kwamba mtu huyu ni wetu. Tamko hilo linaweza kumtambulisha kama mwanachuo bila kutaja jina lake. Baada ya hapo kurasa zinasafiri kati ya mchapishaji na msomaji, na seva ya chuo haimo njiani. Kuita mfumo huo wakala ni kukosea: wakala huenda kuomba kwa niaba yako, ilhali hapa unaomba mwenyewe na chuo kinakudhamini. Istilahi yake, basi, itafutwe kwenye udhamini.